Kifurushi cha wiki, cha mwezi au kisicho na ukomo wa muda: masharti yake katika mistari minne

Anayenunua kifurushi cha intaneti nchini Tanzania hukutana na orodha ndefu kwenye menyu ya simu, na nyuma ya kila jina la kifurushi kuna ukurasa wa vigezo na masharti ambao ni wachache wanaoufungua. Menyu humwonyesha bei, idadi ya GB na pengine siku za matumizi. Mipaka ya matumizi na yale yanayotokea muda ukiisha hubaki kwenye ule ukurasa, mara nyingi aya za chini kabisa, ilhali ndiyo yanayoamua kama bei iliyoonekana kwenye menyu ni bei ya kweli.

Makala hii inachukua vifurushi vitatu vya aina zinazojulikana, inafupisha masharti ya kila kimoja katika mistari minne ile ile, kisha inaviweka pamoja ili msomaji aone kipi kinalingana na matumizi yake. Bei na viwango vyote ni vya mfano, vimepangwa ili hesabu ifuatike kwa urahisi, wala si vya mtandao wowote. Msomaji ataweka namba za mtandao wake mahali pa hizi na hesabu itaendelea vilevile.

## Mistari minne na kinachostahili kuandikwa katika kila mmoja

Bei. Fedha inayolipwa huandikwa kwanza, kisha bei ya GB moja ambayo mtumiaji anaweza kuitumia saa yoyote na kwa kazi yoyote. Jumla ya GB iliyoandikwa kwenye tangazo haifai kwa hesabu hii kabla ya kuichambua, kwa kuwa mara nyingi imejumlisha GB za wakati wote, za usiku na za mitandao ya kijamii kana kwamba ni kitu kimoja.

Muda. Hapa huandikwa idadi ya siku pamoja na mahali hesabu inapoanzia na kuishia. Siku 7 zinazohesabiwa tangu dakika ya kununua ni saa 168 kamili, lakini siku 7 zinazokoma saa tano na dakika hamsini na tisa usiku wa siku ya saba zinaweza kupungua karibu siku nzima kwa aliyenunua jioni. Mwezi katika kurasa hizi huwa siku 30, kwa hiyo kununua mara 12 hufunika siku 360 tu, na siku tano zinazobaki za mwaka zinahitaji kununua tena.

Mipaka. Mstari huu hukusanya kila sharti linalopunguza matumizi: saa za usiku, programu zinazoruhusiwa, kugawia simu nyingine intaneti, aina ya laini au mtandao unaotakiwa, na kushushwa kwa kasi. Tangazo la kifurushi «bila kikomo» halifuti mstari huu. Ukurasa wa masharti ya vifurushi vya namna hiyo kwa kawaida hutaja sera ya matumizi ya kadiri, yaani kiwango ambacho mtumiaji akikipita kasi yake hushushwa, na kiwango hicho ndicho kinachopaswa kuandikwa kama kikomo.

Baada ya muda. Maswali ni matatu: kiasi kilichobaki kinakwenda wapi, simu ikiendelea kutumia intaneti inatozwa nini, na je, kifurushi kitajinunua chenyewe tena? Mwezi Machi 2021 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitoa maelekezo yanayogusa mstari huu moja kwa moja: mteja ajulishwe matumizi yanapofikia asilimia 75 na asilimia 100 ya kifurushi, aweze kumhamishia mwingine sehemu ya alichonunua, na aweze kuendelea kutumia kilichobaki iwapo amenunua tena kifurushi kile kile kabla ya muda kuisha. Maelekezo hayo yanampa mteja haki, lakini namna haki hiyo inavyotekelezwa imo ndani ya ukurasa wa kila kifurushi, na ndiyo maana haitoshi kuyajua maelekezo pekee.

Jambo lisilotajwa kwenye ukurasa liandikwe kuwa halijatajwa, kisha liulizwe kwa huduma kwa wateja kupitia namba 100. Anayefupisha hapaswi kulijaza kwa kubahatisha kutokana na kifurushi kingine alichokizoea, hata kama ni cha mtandao ule ule.

## Kifurushi cha kwanza: wiki, chenye GB za mchanganyiko

Kwa kuwa aina hii ndiyo yenye masharti mengi zaidi, nitaanza na ukurasa wenyewe jinsi unavyoandikwa:

> Kifurushi cha Wiki kinapatikana kwa Sh 5,000 na kinampa mteja GB 6, zinazojumuisha GB 3 za wakati wote, GB 2 za usiku (00:00–05:59) na GB 1 ya mitandao ya kijamii. Kifurushi kitatumika kwa siku 7 tangu muda wa kununua au hadi kiasi kitakapokwisha, lolote litakalotangulia. GB ya mitandao ya kijamii haihusishi kufungua viungo vya nje wala simu za video. Kiasi kisichotumika hakitaendelea isipokuwa mteja amenunua kifurushi hicho hicho kabla ya muda kuisha. Baada ya kifurushi kuisha, mteja aliyeridhia matumizi nje ya kifurushi atatozwa Sh 9 kwa MB kutoka kwenye salio kuu. Kifurushi kitanunuliwa upya chenyewe endapo mteja alichagua kujirudia wakati wa kujiunga.

Bei. Analipa Sh 5,000. Ukigawa kwa GB 6, kila GB inaonekana kuwa Sh 833, na hiyo ndiyo namba tangazo linayotaka ibaki kichwani. Ukigawa kwa GB 3 za wakati wote, kila GB ni Sh 1,667. Muhtasari wa haki huandika namba zote mbili na kueleza kuwa ile ndogo ni ya mtu atakayemaliza mafungu yote matatu, akiwamo aliye tayari kukesha.

Muda. Ni saa 168 tangu dakika ya kununua, au hadi kiasi kiishe. Maneno «lolote litakalotangulia» hudondoshwa mara kwa mara katika muhtasari, na yakidondoshwa msomaji huelewa kuwa amehakikishiwa wiki nzima. Mtu anayemaliza GB 3 siku ya nne hana tena kifurushi cha mchana kwa siku tatu zinazobaki.

Mipaka. Usiku katika ukurasa huu ni kuanzia saa sita kamili usiku hadi saa kumi na moja na dakika hamsini na tisa alfajiri. Ni vyema kuandika saa hizo kwa namna tunavyozisema, kwa sababu 00:00 na 05:59 husomwa vibaya na mtu mwenye haraka, na kuna anayedhani GB za usiku huanza saa moja jioni. Fungu la mitandao ya kijamii lina tundu lake: video iliyomo ndani ya programu husika huhesabiwa humo, lakini ukibonyeza kiungo cha habari kinachokupeleka kwenye tovuti nyingine, unakula GB za wakati wote bila kuonywa.

Mgawanyiko huu ndio chanzo cha lalamiko linalosikika sana kuhusu vifurushi vya mchanganyiko. Chukulia saa mbili usiku GB za wakati wote zimekwisha na za usiku hazijaguswa. Mteja akiangalia salio la kifurushi anaona bado ana GB 2, lakini simu inakata salio la kawaida au inakataa kufungua ukurasa. Hakuna hitilafu yoyote hapo; fungu lililobaki halijafunguliwa, na litafunguka baada ya saa nne. Muhtasari ulioandika «GB 6, siku 7» hauwezi kumwonya mtu huyu. Ulioandika mafungu matatu, kila moja na saa zake, unaweza.

Baada ya muda. Kilichobaki kinapotea, isipokuwa kwa aliyenunua kifurushi hicho hicho kabla ya saa 168 kutimia. Sharti hili lina sehemu mbili, na zote mbili ni lazima ziingie kwenye muhtasari. Aliyenunua Jumatatu saa nne asubuhi, akasubiri ujumbe wa kumjulisha kuwa kifurushi kimekwisha, kisha akanunua tena Jumatatu inayofuata saa nne na dakika kumi, amechelewa na GB zake zimekwenda. Aliyenunua Jumapili usiku lakini akachagua kifurushi cha mwezi badala ya cha wiki naye hakutimiza sharti, kwa maana ukurasa unasema «hicho hicho».

Kuhusu matozo, Sh 9 kwa MB inaonekana ndogo mpaka izidishwe. GB moja ina MB 1,024, kwa hiyo GB moja nje ya kifurushi ni Sh 9,216, zaidi ya mara tano ya bei ya GB ya wakati wote ndani ya kifurushi. Programu moja ikijisasisha yenyewe kwa MB 150 itakula Sh 1,350 huku simu ikiwa mfukoni. Kwa bahati nzuri tozo hili linamhusu aliyeridhia tu, na muhtasari uandike hivyo, pamoja na mahali pa kujiondoa katika menyu.

Kinamfaa nani. Kinamfaa mwenye kipato cha wiki au cha siku ambaye hawezi kutoa fedha ya mwezi kwa mara moja, na kinamfaa zaidi mtu mwenye kazi ya usiku, kama mlinzi au muuguzi wa zamu, au mwanafunzi anayepakua mihadhara yake saa nane za usiku. Kwa watu hao GB 2 za usiku ni mali halisi. Kwa fundi anayelala saa nne na kuamka saa kumi na mbili ni namba ya kupendezesha tangazo.

## Kifurushi cha pili: mwezi, GB za wakati wote

Bei. Analipa Sh 20,000 kwa GB 14, zote za wakati wote, sawa na Sh 1,429 kwa GB. Hapa hakuna haja ya kuandika bei mbili. Ukilinganisha na bei halisi ya mchana ya kifurushi cha wiki, hiki ni nafuu, ingawa tangazo la wiki lilionyesha kinyume chake.

Muda. Ni siku 30 tangu kununua. Swali ambalo ukurasa mwingine hulijibu na mwingine hukaa kimya ni hili: ukinunua cha pili siku ya 27, kinaanza siku hiyo hiyo au kinasubiri cha kwanza kiishe? Kikianza hapo hapo, siku tatu zilizobaki za cha kwanza humezwa. Kikisubiri, hazipotei. Ni tofauti ya siku 36 kwa mwaka kwa mtu anayenunua mapema kila mara, na tahadhari hiyo ya kununua mapema ndiyo hasa inayotakiwa ili GB zisipotee.

Mipaka. Kwa upande wa saa na programu hakuna mipaka, na kugawia simu nyingine intaneti kumeruhusiwa katika mfano wetu. Mstari unaweza kuwa mfupi hivyo, na si kasoro ya muhtasari.

Baada ya muda. Kilichobaki huendelea kwa siku 30 nyingine iwapo kifurushi hicho hicho kimenunuliwa kabla ya mwisho. Tuseme mteja amebakiwa na GB 5 siku ya 29 na akanunua tena: sasa ana GB 19 za kutumia katika siku 30. Asiponunua, GB 5 hizo, ambazo alizilipia takriban Sh 7,140, zinafutika. Matozo nje ya kifurushi ni yale yale ya Sh 9 kwa MB kwa aliyeridhia. Kifurushi hiki pia kinaweza kujirudia, na kwa fedha ya mwezi jambo hilo linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu salio lililowekwa kwa ajili ya kupiga simu linaweza kumezwa lote alfajiri ya siku ya 31.

Kinamfaa nani. Kinamfaa mwenye mshahara wa mwezi na matumizi yanayofanana mwezi hadi mwezi: anayefanya kazi kwa kompyuta iliyounganishwa na simu, anayehudhuria mikutano ya video, au familia inayotumia simu moja kama chanzo cha intaneti nyumbani.

## Kifurushi cha tatu: kisicho na ukomo wa muda

Aina hii ilipata umaarufu Afrika Mashariki baada ya Safaricom ya Kenya kuanzisha vifurushi visivyo na ukomo wa muda mwezi Oktoba 2019.

Bei. Sh 10,000 kwa GB 4 za wakati wote, yaani Sh 2,500 kwa GB. Ndiyo bei ya juu kuliko zote tatu, na haikupanda bure: mteja anauziwa utulivu wa kutokimbizana na tarehe.

Muda. Hakuna tarehe ya mwisho. Hata hivyo kifurushi kinaishi ndani ya laini, na laini isiyotumika kwa kipindi kirefu hufungwa na namba kugawiwa mtu mwingine. Kipindi hicho huandikwa kwenye masharti ya laini, ambayo ni ukurasa tofauti na wa kifurushi, hivyo mwenye laini ya pili anayoiwasha kwa nadra anapaswa kuusoma na huo.

Mipaka. Saa zote na programu zote. La kuangalia ni mpangilio wa kuliwa pale laini inapokuwa na vifurushi viwili. Ukinunua cha siku huku bado una GB zisizo na ukomo, je, simu inaanza kutumia kipi? Ikianza na zile zisizo na ukomo, cha siku kitakufa usiku bila kuguswa. Ukurasa usiotaja mpangilio huo umeacha pengo linalostahili kuulizwa kabla ya kuchanganya.

Baada ya muda. Linabaki swali la kiasi kuisha tu, na jibu ni lile lile: kusimama au kutozwa kwa MB, kulingana na ridhaa.

Kinamfaa nani. Kinamfaa mtumiaji mdogo, kama mzazi anayepokea picha na ujumbe wa WhatsApp na kufungua intaneti kwa siku chache, mtu anayekaa maeneo ambayo mtandao unapatikana kwa shida, au mwenye intaneti ya ofisini anayehitaji akiba ya njiani.

## Vikiwekwa pamoja

| | Wiki | Mwezi | Bila ukomo wa muda |
|---|---|---|---|
| Bei | Sh 5,000. Sh 1,667 kwa GB ya wakati wote | Sh 20,000. Sh 1,429 kwa GB | Sh 10,000. Sh 2,500 kwa GB |
| Muda | Saa 168 au kiasi kuisha | Siku 30 au kiasi kuisha | Hadi kiasi kuisha |
| Mipaka | GB 2 za usiku, GB 1 ya mitandao ya kijamii | Hakuna ya saa wala programu | Mpangilio wa kuliwa uulizwe |
| Baada ya muda | Hupotea, ila kwa aliyenunua hicho hicho kabla | Hupotea, ila kwa aliyenunua hicho hicho kabla | Hakuna kinachopotea kwa tarehe |

Mstari wa mwisho wa jedwali unaweza kuugeuza mstari wa kwanza, na hesabu yake ni fupi. Gawa bei ya kifurushi chenye tarehe kwa bei ya GB moja isiyo na ukomo. Kwa cha mwezi, Sh 20,000 kugawanya kwa Sh 2,500 ni GB 8. Anayetumia chini ya GB 8 kwa mwezi, na asiyenunua upya kabla ya siku ya 30, analipa zaidi kwa kifurushi cha mwezi kuliko kwa kile kilichoonekana ghali. Kwa cha wiki, mpaka ni GB 2 za matumizi ya mchana kwa wiki.

Mfano ni mtu anayetumia GB 5 kwa mwezi. Kifurushi cha mwezi kinamgharimu Sh 20,000, na GB 9 zinapotea. Kila GB aliyoitumia imemgharimu Sh 4,000. Kwa kifurushi kisicho na ukomo GB 5 hizo zinamgharimu Sh 12,500. Akisema atanunua upya kabla ya muda ili GB 9 zisipotee, mwezi wa pili atakuwa na GB 23, wa tatu GB 32, na fungu litazidi kukua bila yeye kulitumia. Kwake yeye haki ya kuendeleza kilichobaki inachelewesha hasara tu. Haki hiyo inamsaidia mtu ambaye mwezi mmoja hutumia GB 10 na mwingine GB 18.

Ili kuijua namba yako, fungua mipangilio ya simu, sehemu ya matumizi ya data, usome jumla ya siku 30 zilizopita. Simu nyingi pia hutenganisha matumizi ya kila programu, na hapo utaona kama GB 1 ya mitandao ya kijamii ina maana yoyote kwako. Usichanganye namba hiyo na ya Wi-Fi, ambayo huhesabiwa peke yake.

## Kulingana na hali

Kama matumizi yako ya mchana hayafiki GB 2 kwa wiki, anza kuangalia kisicho na ukomo wa muda, na uulize kipindi cha kufungwa kwa laini isiyotumika.

Kama unazidi GB 8 kwa mwezi na fedha ya mara moja ipo, cha mwezi kinakuelekea. Weka ukumbusho wa siku ya 28, na kabla ya kununua mapema uliza kama kipya kinaanza mara moja au kinasubiri.

Kama unapita GB 2 kwa wiki lakini fedha huja kwa wiki, au kazi yako ni ya usiku, cha wiki kina nafasi yake, mradi uhesabu fungu la usiku kwa kiasi unachoweza kukitumia kweli baada ya saa sita.

Kama laini unaitumia pia kwa kupiga simu na huweka salio kidogo kidogo, hakikisha kwanza kwamba hukuridhia matumizi nje ya kifurushi wala kujirudia, kifurushi kiwe chochote. Na kama unamnunulia mzazi aliye kijijini, mtumie mistari minne kwa ujumbe mfupi pamoja na kifurushi chenyewe, saa ukiziandika kwa maneno: «Mama, GB hizi tatu ni za saa zote, hizi mbili ni za kuanzia saa sita usiku mpaka alfajiri, na zote mwisho ni Jumatatu saa nne asubuhi.»